Barua ya Mwenye Nyumba wa Tabata Inaposomwa Leicester

Mwenye nyumba wa Tabata anaweza kupangisha vyumba vyake miaka ishirini na asiombwe hata mara moja kuandika barua ya kumweleza mpangaji aliyehama. Mpangaji akihama, amehama. Funguo zimerudi, bili ya maji imelipwa, kibao cha "nyumba inapangishwa" kimetundikwa, na dalali ameshaanza kuleta watu. Kule anakokwenda mpangaji, mwenye nyumba mpya hana haja ya kumpigia simu wa zamani kumuuliza huyu ni mtu wa namna gani.

Miaka hii barua hiyo imeanza kuombwa, na anayeiomba yuko mbali. Ni wakala wa nyumba wa Leicester, Leeds au Reading, ambaye mezani kwake kuna ombi la muuguzi au mwanafunzi kutoka Dar es Salaam. Ombi lina nafasi ya jina, simu na barua pepe ya mwenye nyumba wa mwisho. Baada ya siku chache mzee wa Tabata anapata fomu kwenye simu yake, na moja ya maswali yake linamshangaza: je, mpangaji alilipa kodi kwa wakati kila mwezi? Mzee hakuwahi kulipwa kila mwezi. Alilipwa mara mbili kwa mwaka, fedha ya miezi sita kwa mkupuo. Akijibu "hapana", atakuwa amesema kweli na amemwangusha mpangaji wake bora kuliko wote. Akijibu "ndiyo", atakuwa amethibitisha kitu ambacho taarifa ya benki ya mpangaji itakikanusha.

Hapo ndipo barua inapohitajika. Fomu ina nafasi ya "ndiyo" na "hapana" tu, lakini barua inaweza kueleza.

Fedha ya mbele na barua ya nyuma

Tofauti hii inatokana na swali moja la kibiashara: nani anamwamini nani, na kwa muda gani?

Dar es Salaam mpangaji ndiye anayetangulia kuamini. Analipa miezi sita, pengine mwaka mzima, kabla hajalala hata usiku mmoja ndani ya nyumba. Anaongeza udalali wa mwezi mmoja. Mwenye nyumba hana hofu kubwa ya kukimbiwa, kwa sababu hela yote iko mkononi mwake. Kwa hiyo hana sababu ya kuuliza historia. Akitaka kumjua mtu, anadai nakala ya kitambulisho, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa inatosha kueleza kwamba huyu anajulikana alikotoka.

Uingereza mambo yamegeuka. Kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, na amana anayoweza kudai mwenye nyumba ina kikomo cha kisheria. Kwa Sheria ya Ada za Wapangaji ya 2019, nchini England amana haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba ambazo kodi yake ya mwaka iko chini ya pauni 50,000. Tuchukue nyumba ya pauni 900 kwa mwezi. Kwa mwaka ni pauni 10,800, kwa wiki ni kama pauni 207 na senti, na wiki tano ni pauni 1,038. Mpangaji akiacha kulipa, amana hiyo inaliwa ndani ya mwezi mmoja na siku chache, ilhali kumtoa kwa njia ya mahakama huchukua miezi. Mwenye nyumba ndiye anayetangulia kuamini, na ndiyo maana anachimba historia ya mtu kabla ya kumkabidhi funguo.

Zamani wageni walikuwa na njia ya mkato. Asiye na historia ya upangaji nchini humo aliambiwa alipe miezi sita mbele, na Mtanzania aliyezoea kufanya hivyo Sinza au Mbagala hakuona ajabu. Njia hiyo imezibwa. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025, inayoanza kutumika kwa upangaji binafsi wa England tarehe 1 Mei 2026, inamkataza mwenye nyumba kupokea kodi kabla mkataba haujasainiwa, na baada ya kusaini hawezi kudai zaidi ya mwezi mmoja kabla upangaji haujaanza. Sheria iliwekwa kumlinda mpangaji, lakini kwa mgeni ina upande wa pili: fedha ya mbele haiwezi tena kufanya kazi ya historia. Kilichobaki ni mdhamini au barua.

Barua inaingia wapi

Tuchukue mfano wa muuguzi aliyepanga Tabata kwa miaka minne, kisha akapata kazi katika hospitali ya Leicester. Miezi miwili ya kwanza anakaa katika chumba alichotafutiwa na mwajiri. Mwezi Mei 2026 anatafuta nyumba yake, anaipata kwa pauni 900 kwa mwezi, na wakala anaanza ukaguzi. Mara nyingi wakala haufanyi mwenyewe, anaikabidhi kazi hiyo kampuni maalumu, na kwa sheria ile ya 2019 gharama zake haziwezi kutupiwa mpangaji.

Ukaguzi una vipande kadhaa, na kila kimoja kinajibu swali lake. Kipande cha kwanza ni haki ya kupanga. England mwenye nyumba analazimika kuhakikisha kwamba mpangaji ana kibali cha kuishi nchini, na siku hizi hilo hufanyika mtandaoni kwa msimbo ambao mpangaji anautoa kwenye akaunti yake ya viza. Barua ya Tabata haihusiki hapo.

Kipande cha pili ni kipato. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni mshahara wa mwaka usiopungua mara thelathini ya kodi ya mwezi. Kwa nyumba ya pauni 900, mpangaji anahitaji pauni 27,000 kwa mwaka. Muuguzi anayeanza hospitali ya umma hulipwa zaidi ya pauni 31,000, kwa hiyo anapita. Kipande cha tatu ni rekodi ya mikopo, na hapa mgeni wa miezi miwili anaonekana kama karatasi tupu: hana deni baya, lakini hana kizuri pia.

Kinachobaki ni mwenye nyumba wa zamani. Kwa mtu aliyezaliwa Leicester, barua hii ni kipande kimoja kati ya vinne. Kwa muuguzi wetu ndiyo ushahidi pekee wa tabia yake ya kulipa kodi, kwa sababu mengine yote yanaonyesha uwezo wa kulipa. Uwezo na tabia ni vitu viwili, na mwenye nyumba yeyote aliyewahi kupangisha mtu mwenye mshahara mnono na visingizio vingi analijua hilo.

Basi anampigia mzee wa Tabata.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Habari za huko? Baridi imeisha?"

Baada ya salamu za familia nzima, muuguzi anaeleza shida yake. Mzee ananyamaza kidogo, kisha anauliza swali ambalo wenye nyumba wengi wangeuliza: "Nikiandika hiyo barua, halafu wewe usilipe huko, si watanifuata mimi?"

Hawatamfuata. Mdhamini husaini hati yake mwenyewe, inayosema wazi kwamba mpangaji akishindwa, yeye atalipa. Mwenye nyumba wa zamani anaeleza tu yaliyokwisha kutokea kwenye nyumba yake. Haahidi lolote la kesho. Anachotakiwa ni asiseme uongo, na kwa sababu hiyo barua nzuri hukwepa maneno kama "nina hakika atawalipa vizuri". Mzee hana namna ya kuwa na hakika hiyo. Ana hakika na malipo aliyoyapokea.

Barua yenyewe

Barua itakayotumwa itaandikwa kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili ikiambatana na tafsiri. Mzee asiyeandika Kiingereza anaweza kumwachia mwanawe kazi hiyo, mradi barua iseme kwamba mwana ndiye aliyeandika kwa niaba ya baba na baba ndiye aliyesaini. Mifupa yake ni hii:

> Dar es Salaam, 4 Mei 2026
>
> Yah: Uthibitisho wa upangaji wa [jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti]
>
> Mimi ni mmiliki wa nyumba iliyopo [namba ya nyumba, mtaa na kata], Tabata, Dar es Salaam. Nathibitisha kwamba mtajwa hapo juu alikuwa mpangaji wangu katika sehemu ya nyumba hiyo yenye vyumba viwili na sebule, kuanzia tarehe 1 Machi 2022 hadi tarehe 28 Februari 2026, kwa mkataba wa maandishi.
>
> Kodi ilikuwa Sh 350,000 kwa mwezi hadi mwisho wa Februari 2024, kisha Sh 400,000 kwa mwezi. Kama ilivyo kawaida hapa kwetu, kodi ililipwa miezi sita kabla, kila Machi na Septemba. Katika miaka minne nilipokea malipo manane. Saba yalifika siku ya mkataba au kabla yake. Moja, la Septemba 2024, lilifika siku tisa baada ya tarehe. Mpangaji alinijulisha mapema, na alilipa lote kwa pamoja. Hakuondoka na deni la kodi wala la maji. Umeme alinunua mwenyewe kwa mita ya malipo ya kabla.
>
> Sikuwahi kumpa notisi ya kuondoka, na sikuwahi kuletewa malalamiko na wapangaji wenzake au majirani. Alihama kwa hiari yake baada ya kupata kazi nje ya nchi, na alinipa taarifa mwezi mmoja kabla.
>
> Tuliikagua nyumba pamoja tarehe 28 Februari 2026. Kitasa cha mlango mmoja kilikuwa kimevunjika na alikibadilisha kwa gharama yake. Hapakuwa na uharibifu mwingine zaidi ya uchakavu wa kawaida. Mkataba wetu haukuwa na amana.
>
> Ningekuwa tayari kumpangisha tena. Sina undugu naye. Napatikana kwa simu na barua pepe zilizo hapa chini.
>
> [Jina, saini, simu, barua pepe]

Barua hii haina neno hata moja la sifa. Hakuna "mwaminifu", "mwadilifu" wala "mchapakazi". Kilichomo ni mambo ambayo msomaji wa Leicester anaweza kuyalinganisha na kitu kingine alicho nacho. Tarehe za kuingia na kutoka atazilinganisha na anwani ambazo muuguzi alizijaza kwenye ombi lake. Malipo manane, manne ya Sh 2,100,000 na manne ya Sh 2,400,000, atayatafuta kwenye taarifa ya benki au ya pesa za simu. Jumla ni Sh 18,000,000, na zote zinapaswa kuonekana zikitoka. Zikionekana, barua imejithibitisha.

Zile siku tisa za kuchelewa mzee angeweza kuziacha. Wengi wangeziacha, kwa huruma. Lakini taarifa ya benki itaonyesha kwamba malipo ya Septemba 2024 yalitoka tarehe 10, na msomaji akikuta barua inayosema "hakuwahi kuchelewa hata siku moja", ataanza kuitilia shaka barua yote. Kuchelewa mara moja, kukatolewa taarifa na kulipwa kwa ukamilifu, hakumwondoi mpangaji kwenye ushindani. Humwonyesha ni mtu anayefanya nini akikwama, na hilo ndilo mwenye nyumba mpya anataka kulijua kuliko yote.

Sentensi ya "kama ilivyo kawaida hapa kwetu" nayo ina kazi nzito. Bila hiyo, karani wa Leicester akiona malipo mawili kwa mwaka anaweza kudhani mpangaji alikuwa analimbikiza madeni kisha anayapunguza. Kwa sentensi moja anaelewa kwamba huyu ni mtu aliyekuwa akiweka akiba ya miezi sita na kuitoa kwa mkupuo, mara nane mfululizo. Hicho ni kipimo kigumu kuliko cha kulipa mwezi kwa mwezi, lakini mtu hawezi kukipa uzito asipoelezwa.

Msomaji mwenye uzoefu huangalia pia kama sentensi ya "ningekuwa tayari kumpangisha tena" ipo au haipo. Mwenye nyumba asiyetaka kusema ubaya wa mtu mara nyingi huandika tarehe na kodi vizuri kabisa, halafu akalikwepa swali hilo. Ukimya huo unasomwa.

Ya kuacha nje

Ukimwachia mzee aandike kutoka moyoni, barua itakuwa tofauti. Ataandika kwamba binti huyu ni mcha Mungu, hakosi kanisani, ni mke wa mtu, ana watoto wawili wenye adabu, na wala hana mambo ya wanaume wa hovyo. Nia yake ni njema, na mtaani kwake hizo ndizo sifa zinazompa mtu nyumba.

Leicester maneno hayo yanaleta kizaazaa. Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya dini, asili, ujauzito au ulemavu, na sheria mpya ya wapangaji inakataza kumbagua kwa kuwa ana watoto. Wakala akipokea barua iliyojaa habari hizo, ana karatasi ambayo asingependa ikutwe kwenye faili siku akimkataa mwombaji. Mzee aache dini, kabila, ndoa, watoto na afya ya mtu. Kama idadi ya wakazi inahitajika, mpangaji ataijaza mwenyewe kwenye ombi.

Nani hasa ni mwenye nyumba?

Barua ikifika, swali la kwanza la mkaguzi ni kama aliyeiandika anaimiliki nyumba kweli. Kwa nyumba ya England analijibu kwa dakika chache: anaingia kwenye daftari la ardhi la serikali mtandaoni, analipa pauni 7, na anaona jina la mmiliki. Kwa nyumba ya Tabata hana njia hiyo. Ana barua, mkataba, namba ya simu, na masikio yake.

Kwa hiyo majina yapatane. Na hapa nyumba za kwetu zina mtego wake. Hati inaweza kuwa na jina la baba aliyefariki mwaka 2015, mkataba umesainiwa na mama, kodi ilikuwa inaingia kwenye simu ya kaka mkubwa, na barua inaandikwa na mdogo kwa kuwa ndiye anayejua kompyuta. Kwa familia yenyewe hakuna utata. Kwa mgeni ni majina manne kwa nyumba moja, na picha anayoipata ni ya udanganyifu. Dawa ni sentensi moja mwanzoni: nyumba ni ya marehemu fulani, mimi ni msimamizi wa mirathi, na kodi ilipokelewa na ndugu yangu fulani kwa niaba ya familia. Kama aliyesimamia wapangaji ni dalali au mlezi wa nyumba, barua itoke kwa yule aliyesaini mkataba.

Barua itoke pia moja kwa moja kwa mwandishi kwenda kwa wakala. Inayopitia kwa mpangaji huhesabiwa nusu, kwa sababu kila mtu anajua imepita mikononi mwa mwenye kuihitaji. Mzee aitume kwa barua pepe yake mwenyewe, ikiwa imepigwa picha au kuhifadhiwa kama PDF pamoja na saini. Muhuri haudaiwi. Kwetu karatasi isiyo na muhuri huonekana haijakamilika, lakini huko anayesoma hajui muhuri wa mtaa wa Tabata unafananaje, kwa hiyo haumwongezei imani.

Baada ya barua huja simu. Mwezi Mei Dar es Salaam iko saa mbili mbele ya Leicester. Karani anayepiga saa tisa alasiri kwake anampata mzee saa kumi na moja jioni. Simu itaanza na +44, na wazee wengi wa Dar wameonywa na watoto wao wasipokee namba za nje kwa sababu ya matapeli. Asipopokea mara mbili tatu, faili huandikwa "hakupatikana", na ombi la nyumba halisubiri. Mpangaji amtaarifu mzee mapema: utapigiwa na namba ya namna hii, watakuuliza tarehe, kodi, na kama nilikuwa msumbufu. Kumwambia atapigiwa ni sawa. Kumpangia majibu si sawa, na husikika: mtu aliyekaririshwa hutaja tarehe upesi na kubabaika akiulizwa mlango wa jikoni unaelekea wapi.

Sifa za anayetaka uondoke

Kuna jambo ambalo wakaguzi wenye uzoefu hulijua na wapangaji wengi hawalijui. Mwenye nyumba wa sasa si shahidi huru. Kama mpangaji wake ni msumbufu, ana kila sababu ya kumwandikia barua tamu ili ahame kwa amani. Kama ni mpangaji mzuri sana, anaweza kusitasita kuandika, kwa kuwa hataki kumpoteza. Pande zote mbili, maslahi yake yanapinda kalamu.

Ndiyo maana baadhi ya mawakala huomba pia jina la mwenye nyumba wa kabla ya huyo. Mtu uliyeachana naye miaka miwili iliyopita hana cha kupata wala kupoteza. Kwa muuguzi wetu hili linamfaa. Mzee wa Tabata ameshampangisha mtu mwingine vyumba vile, hana anachokitafuta, na ushahidi wake una uzito kuliko wa mtu aliyempa chumba cha miezi miwili Leicester. Mwombaji anayeulizwa mwenye nyumba wa mwisho ni nani ataje yule wa chumba cha muda, kisha aongeze wa Tabata na kueleza kwa nini.

Barua ya kughushi

Kishawishi kinajulikana. Mzee hapokei simu, wakala anasema kesho saa sita mchana ndiyo mwisho, na binamu yuko tayari kujifanya mwenye nyumba. Barua inaandikwa usiku huo huo.

Dalili zake hujirudia. Barua pepe ya "mwenye nyumba" imefunguliwa juzi. Lugha ya barua inafanana na ya ombi lenyewe, hata makosa ya tahajia. Tarehe zinaanza na kuishia mwanzoni mwa mwaka, nadhifu kupita maisha ya kawaida. Kodi iliyotajwa haionekani ikitoka benki popote. Na "mwenye nyumba" akiulizwa kwa simu ilikuwa kodi ya miezi mingapi kwa mkupuo, anajibu "kila mwezi", kwa sababu alikuwa anawaza fomu ya Kiingereza badala ya nyumba ya Tabata.

Isipogunduliwa siku hiyo, hatari haijaisha. Sheria ya Nyumba ya 1988 ya Uingereza ina orodha ya sababu zinazomruhusu mwenye nyumba kuiomba mahakama imrudishie nyumba yake, na sababu ya 17 inamhusu mpangaji aliyepata nyumba kwa maelezo ya uongo yaliyotolewa na yeye mwenyewe au na mtu aliyemtuma. Hakimu ndiye anayeamua kama inafaa kumtoa, lakini mpangaji aliyelipa kodi yake vizuri mwaka mzima hatataka kufikishwa huko kwa sababu ya karatasi ya binamu.

Mzee akikataa

Hakuna sheria inayomlazimisha mwenye nyumba kuandika. Wengine hukataa kwa hofu ya TRA, kwa kuwa hawapendi kuona kiasi cha kodi wanachopokea kikiwa kwenye karatasi yenye saini yao. Wengine wameuza nyumba, au wamefariki na familia ina kesi.

Mpangaji wa namna hiyo ajenge barua kwa vipande. Mkataba unaonyesha kodi na masharti. Taarifa ya benki au ya pesa za simu inaonyesha malipo. Barua ya serikali ya mtaa inathibitisha kwamba aliishi mahali hapo kwa kipindi hicho, na hapa ndipo ina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inatoka kwa mtu asiye na maslahi na kodi. Ukiviweka pamoja na maelezo mafupi ya kwa nini mwenye nyumba hakuandika, mkaguzi mwenye nia anaweza kuifuata historia. Udhaifu wake ni mmoja: hakuna kipande kinachojibu kama nyumba iliachwa katika hali nzuri.

Swali hilo hujibiwa siku moja tu, siku ya kukabidhi funguo, wakati mwenye nyumba na mpangaji wanapita pamoja chumba hadi chumba wakijaribu swichi, vitasa na mabomba. Mwezi mmoja baadaye mafundi wameshapaka rangi, mpangaji mpya ameshapigilia misumari yake, na hakuna anayekumbuka ufa ulikuwepo lini. Anayejua kwamba atahama nchi, au hata mkoa, aombe barua yake pale pale, funguo zikiwa bado mezani: tarehe mbili, kodi, idadi ya malipo, hali ya nyumba, saini. Kwa mwenye nyumba ni kazi ya robo saa, kumbukumbu zikiwa bado mbichi na stakabadhi zikiwa kwenye droo ile ile.